Uzi wa nahau za Kiengereza, Siku ya 23: shuka tatu na upepo

MwalimuWaJioni (mwenye uzi)

Assalaam alaykum wanabaraza. Jana sikuweka kitu, umeme ulikatika toka magharibi na simu ilibaki asilimia tatu, mniwie radhi. Wiki hii nlisema tutakaa kwenye nahau zilizotoka baharini, kwa sababu sisi ni watu wa visiwani na nyingi kati ya hizi Mzungu wa siku hizi mwenyewe hajui zimetokea wapi, wakati mtoto wa Nungwi akionyeshwa mara moja haisahau tena.

Ya leo ni "three sheets to the wind". Maana yake mtu amelewa, na si kuchangamka kidogo, amelewa mpaka miguu haimtii. Khalas, hiyo ndo maana, haina nyengine.

Kisa chake. Hoteli moja huku pwani ya mashariki, saa nne za usiku, mama wa kizungu kateremka resepsheni uso umemshuka, pale yuko dada wa usafi wa vyumba tu anamshikia nafasi mwenzake aliyekwenda kula. Mama anasema kwa sauti ya chini, "I'm so sorry, my husband is three sheets to the wind." Dada wa watu kasikia shuka, kasikia tatu, kasikia upepo. Kamwambia mama "no problem, madam", kachukua tochi mbio nyuma kwenye kamba za kuanikia. Kuhesabu shuka, ziko zote. Kahesabu tena, zote ziko. Kenda kuangalia mpaka kwenye mikadi kule ufukweni pengine zimepeperuka, hamna kitu. Akaona isiwe tabu, kachukua shuka tatu safi stoo, kapanda nazo chumbani. Kufungua mlango bwana yuko chini sakafuni anabishana na feni. Dada kamkabidhi shuka zake tatu kwa heshima zote, bwana kazipokea kwa mikono miwili, moja kajifunga kama kikoi, akasema asante sana rafiki, akalala hapo hapo.

Sasa twende kwenye asili. Neno "sheet" hapa si shuka na wala si tanga. Ni kamba. Ni ile kamba iliyofungwa pembe ya chini ya tanga, inayokuja nyuma kwa nahodha, ukiivuta tanga linakaza, ukiilegeza tanga linaachia upepo. Sasa zikiponyoka kamba tatu, matanga yanapigapiga hewani, chombo kinayumba huku na huku hakina mwelekeo, na baharia wa Kiengereza akimwona mwenzake anatoka kilabuni anakwenda mwendo huo huo akasema huyu kamba zake tatu ziko kwenye upepo. Zamani, karne ya 19, ilikuwa ikiandikwa "three sheets in the wind", hii "to" ndo imeshika siku hizi. Na walikuwa wakipima pia, aliyechangamka kidogo tu walimwita "a sheet in the wind", kamba moja.

Kwa Kiswahili mie nimeweka "kulewa chakari". Karibuni.

Mchangani_Boy

Mwalimu hapo kwenye kamba nakupinga kidogo kwa heshima. Mie nimefanya kazi na Wazungu wa yoti miaka miwili, sheet ni tanga. Ndo maana linafanana na shuka, kitambaa kikubwa cheupe. Matanga matatu yakiwa wazi upepo mkali basi chombo kinakimbia hovyo, mlevi naye anakimbia hovyo.

BintiKojani

Kaka Mchangani hapana. Mie mtoto wa baharia, babangu kaendesha jahazi baina ya Pemba na Tanga na Mombasa miaka na miaka kabla hajakaa. Hiyo anayoisema mwalimu sisi ina jina lake, inaitwa DEMANI. Kamba ya demani. Inatoka pembe ya chini ya tanga upande wa nyuma inakuja mpaka tezi, na anayeishika si mtoto mdogo, anaishika mtu anayejua upepo. Nimekaa nayo mkononi nna miaka kumi na mbili, baba kanifunga kitambaa kiganjani kwa sababu ikichomoka ghafla inachuna ngozi kama vile unavyochuna changu.

Na nakwambia kitu chengine, sauti. Demani ikiponyoka hulioni tatizo kwanza, unalisikia. Tanga linapiga pwa pwa pwa pwa, foromali inagonga mlingoti, na chombo kinapoa. Hakikimbii kaka, ndo hapo ulipokosea. Tanga likiwa halijashikwa halisukumi kitu. Chombo kinasimama, kinageuka, mawimbi yanakichukua ubavuni, kinaanza kulala huku kinaamka kule. Sasa mfikirie mlevi, mlevi hakimbii, mlevi anatoka hatua mbili mbele moja pembeni, anasimama, anafikiri, anageuka. Ni hivyo hivyo.

MwalimuWaJioni

BintiKojani Mungu akuweke. Demani! Nimeitafuta hii picha siku nzima na neno lenyewe liko kwetu. Nimeona nibadilishe maelezo yangu pale juu ila naacha kama yalivyo ili watu waone ulivyonisahihisha, kutoka sasa kwenye uzi huu "sheet" ni demani.

Mchangani, kosa lako si lako peke yako, Waengereza wenyewe wengi ukiwauliza watakwambia sheet ni tanga, kwa sababu wa mjini wengi hawajawahi kushika hiyo kamba. Watu wa yoti ukiwasikiliza vizuri wakiwa kazini utasikia wanasema "ease the sheet", legeza demani. Hawawezi kulegeza tanga.

Mchangani_Boy

Subiri. "Ease the sheet" nimeisikia mara mia. Kumbe nlikuwa nafanya kilicho sawa bila kujua naambiwa nini, yeye akisema hivyo mie najua ni ile kamba kwa sababu anainyooshea kidole. Sawa nimekubali. Ila swali, jahazi letu lina demani ngapi? Kama ni moja basi sisi hatuwezi kufika tatu.

BintiKojani

Tanga kubwa moja demani moja. Jahazi likiwa na mlingoti wa galme kule nyuma, yule mdogo, basi na tanga lake lina demani yake, zinakuwa mbili. Ngalawa moja. Tatu ni za merikebu za kizungu zenye milingoti mingi. Kwa hesabu yetu mlevi wa Kiswahili akifika demani mbili ndo kesha maliza 😂

Kipepeo_wa_Chake

Samahanini nyote, naona mnazungumza upepo, kuna anayejua boti ya kesho asubuhi ya kuja Pemba inaondoka? Nna mgonjwa nimpokee Mkoani na simu ya ofisini kwao haipokelewi.

MwalimuWaJioni

Dada pole na mgonjwa. Hapa tunasoma nahau za Kiengereza, upepo ni wa kwenye maneno. Ila kama kuna aliyeko Malindi bandarini amjibu dada tafadhali.

Naendelea. Kuna jambo sikulisema pale juu na ndilo linalowaaibisha watu kuliko maana. Matamshi. Sisi Kiswahili tuna i moja tu, si refu si fupi, ipo katikati. Kiengereza zipo mbili na zinabadilisha neno. "Sheets" i yake ni ndefu, ivute kama unamwita mtoto aliye mbali, shiiits. Ukiifupisha unatoka na neno la chooni, la matusi, na utakuwa umemwambia mgeni kitu kichafu mara tatu. Halafu mwisho wa sentensi kuna "wind", hapo ni kinyume, i fupi, igonge uiwache. Usiseme waind kwa sababu waind ni kuzungusha au kutia ufunguo saa. Kwa hiyo ndani ya nahau moja una i ndefu na i fupi, na mwanafunzi wangu wa darasa la jioni ananiambia mwalimu ulimi unapinda. Mie huwaambia waanze na maneno mawili tu, "sheep" na "ship", kondoo na merikebu, mara ishirini mbele ya kioo. Mwenzako akifumba macho awe anaweza kukwambia umesema kondoo au merikebu. Asipoweza, nahau hii usiitumie bado, sema "he is very drunk", inatosha na haina hatari.

ShogaWaMichenzani

😂😂😂 mwalimu kondoo na merikebu mume wangu kaniuliza nazungumza na nani chumbani

mie yangu si hii lakini ni ya bahari pia. Nlipoanza kazi ofisi moja ya watalii Mji Mkongwe, siku ya kwanza bosi mwanamke wa kizungu kaniambia "don't worry, I'll show you the ropes". Wallahi nilikaa siku nzima nafikiria kamba. Kwanza nikasema pengine ni ofisi ya wapiga mbizi kuna kamba za boti nitafundishwa kufunga. Baadae nikaona dada mwengine anachungulia mlangoni anacheka cheka nikasema hapa kuna jambo, hawa wananitakia nini na kamba. Saa nane nikachukua mkoba nikaondoka nikasema naumwa. Kesho yake binamu yangu ndo kaniambia ni kufundishwa kazi. Nikarudi na aibu zangu, nikaomba radhi, nimekaa pale miaka minne. Lakini siku ile ya kwanza sikulipwa na hilo sijalisahau.

MwalimuWaJioni

Shoga yetu pole lakini umeniletea mfano ambao nlikuwa nautafuta. "Show you the ropes" na "learn the ropes" zimetoka chomboni pia, merikebu ya matanga ina kamba chungu nzima na baharia mpya hafai kitu mpaka ajue ipi inavuta nini. Kiswahili chake ni kumfunza mtu kazi, kumpitisha kazini, basi. Na hapa angalieni mtego. Mtu akitafsiri neno kwa neno akamwambia mwenzake "ntakuonyesha kamba", kwanza ni kitisho. Na vijana nao wana "kupiga kamba", ni kusema uongo. Kamba ya Kiengereza inafundisha kazi, kamba yetu inafunga na inadanganya.

Ndo maana kila siku nasema kisawe hakitafutwi kwa kuangalia picha. Angalia inasemwa na nani, inasemwa juu ya nani, na aliyesemwa akisikia atacheka au atakasirika. "Three sheets to the wind" inasemwa zaidi juu ya mtu asiyekuwepo, au kesho yake akishapoa, na kwa mzaha. Haisemwi polisi kwenye maelezo, haiandikwi kwenye imeili ya kazi. Mgeni akimsema mumewe hivyo anaomba radhi huku anapunguza makali. Kwa hiyo ukimjibu "yes madam he is drunk" umemrudishia makali yote aliyoyapunguza. Mjibu tu "don't worry, we'll help him", yatosha.

Mzee_wa_Makunduchi

Mwalimu mie si mtu wa kuandika sana lakini nafuatilia toka Siku ya 1. Hicho kisawe chako "kulewa chakari" ni sahihi lakini hakina bahari. Sisi tuna "kwenda mrama". Chombo kikiyumba ubavu kwa ubavu kinakwenda mrama. Mlevi naye anakwenda mrama. Sasa kwa nini umeacha neno la chombo ukachukua chakari?

BintiKojani

Mzee wangu shikamoo. Hapo mie nakuunga mkono nusu. Mrama ni neno la chombo kweli, lakini siku hizi ukisema "kenda mrama" watu wanaelewa mambo yake yameharibika, biashara imekufa, ndoa imevunjika. Ukimwambia mtu "mumeo kenda mrama jana usiku" hawezi kujua kalewa, atauliza kapoteza pesa kiasi gani.

Mzee_wa_Makunduchi

Marhaba mwanangu. Hiyo ni ya mjini. Kwetu sisi ukisema fulani anapita njiani anakwenda mrama tunajua katoka wapi na tunajua kanywa nini. Nimeisikia kwa marehemu bibi yangu na yeye hajawahi kupanda hata dau.

Mchangani_Boy

Na "kwenda arijojo" je? Kishada kikikatika uzi kinakwenda arijojo, kamba imeponyoka, upepo unakichukua. Hiyo picha ndo demani yenyewe.

MwalimuWaJioni

Mchangani picha yako ni nzuri kuliko zote tatu nakubali, uzi umekatika na upepo umechukua. Lakini arijojo inasemwa kwa kitu kilichopotea moja kwa moja, hakirudi. Mlevi kesho asubuhi anarudi, kichwa kinamuuma lakini anarudi. Ukisema mtu kenda arijojo mie naelewa kapotea maisha yake.

Kuhusu mrama, mzee wangu sibishani na wewe kuhusu Makunduchi. Nikimfundisha mtu wa Makunduchi ntamwambia mrama. Mtu wa Wete au wa Dar asome chakari, au "kulewa chopi", au "tilalila", zote zinaeleweka kwa mtu aliyelewa na hazina maana ya pili ya kumchanganya. Hapa kwenye uzi naziandika zote mbili, chakari na mrama, na mrama natia alama kwamba kuna sehemu inasikika vyengine. Anayetoka Mkokotoni, Kizimkazi, Micheweni, atuandikie kwao wanasemaje, hili sikulifunga.

Skuli_Fomu_Foo

mwalimu hii itatoka kwenye mtihani

MwalimuWaJioni

Mwanangu sijui ya mtihani na usiisome kwa ajili hiyo. Isome kwa kuandika sentensi yako mwenyewe moja, iweke hapa, ntaisahihisha.

Skuli_Fomu_Foo

My uncle he is three sheet to the winds yesterday.

MwalimuWaJioni

Vizuri umejaribu. Twende pole pole. Kwanza jana imeshapita kwa hiyo si "is" ni "was". Pili umeweka "my uncle" halafu "he", hiyo ni Kiswahili kinakuvuta, sisi tunasema mjomba alikuwa, ile a- ya alikuwa inamrudia mjomba kwa hiyo unatafuta mahali pa kuiweka Kiengereza ukaona ni "he". Kiengereza anatajwa mara moja tu. Tatu, nahau ni kama tofali lililokwishakauka, hulikati, "sheets" ina s kwa sababu ni tatu, "wind" haina s kwa sababu upepo ni mmoja. Na usibadili idadi ukasema "five sheets" kwa kuwa mjomba kalewa zaidi.

My uncle was three sheets to the wind yesterday.

Na mjomba wako asiione hii.

Kipepeo_wa_Chake

Jamani boti?

ForodhaniMkazi

Dada Kipepeo nimetoka bandarini sasa hivi, nimewauliza wenyewe wanasema kesho inaondoka kama kawaida ila uthibitishe alfajiri, kusi limetia nguvu leo. Wameniambia wakiona bahari mbaya watatangaza mapema.

Kipepeo_wa_Chake

Ahsante sana kaka, Mungu akulipe.

MwalimuWaJioni

*Siku ya 24*

Leo nimeamka mapema. Nahau ni "taken aback". Maana yake kushtuka kwa neno au jambo usilolitegemea mpaka ukakosa la kusema, hapo hapo, kwa muda mfupi.

Kisa. Kijana wa mjini kenda posa Wete na wazee wake, kanzu imepigwa pasi, kahawa imeshaletwa, haluwa ipo kati. Mjomba wa msichana anaingia kachelewa kidogo kutoka sokoni, anakaa, anamwangalia kijana, anamwangalia tena, anasema, "Wewe si ndo ulieniuzia simu mbovu Darajani mwezi wa Ramadhani?" Kijana kikombe kiko nusu ya safari ya kwenda mdomoni. Hakendi mbele hakirudi. Pale ndo "he was taken aback".

Asili yake, na hapa BintiKojani uniangalie nisikosee. Chombo cha matanga kinakwenda vizuri upepo ukiwa nyuma au ubavuni. Sasa upepo ukigeuka ghafla, au mshika usukani akizembea akaelekeza omo kwenye upepo, upepo unalipiga tanga kwa mbele, unalibandika kwenye mlingoti. Badala ya kusukumwa mbele unasukumwa nyuma. "Aback" ni huko, tanga limepigwa kinyumenyume. Chombo kinasita.

Kiswahili chake mie nasema ni "kupigwa na butwaa". Na tizameni, butwaa haina bahari hata tone moja lakini inakaa hapa kuliko jana mrama ilivyokaa. Zote mbili mtu anatendwa, hatendi, "taken", kupigwa. Zote mbili ni za ghafla. Zote mbili unabaki umesimama. Ndo maana "I was taken aback", lazima "was", ukisema "I taken aback" ni kama kusema "nimepiga na butwaa", sentensi imekatika mguu. Ukitaka kusema na nini, unaweka "by", I was taken aback by his question.

BintiKojani

Hukukosea mwalimu. Ila umeipunguza hatari. Kwenye merikebu kubwa sijui, lakini jahazi letu tanga likibandikwa mlingotini kwa upepo wa omo si kusita tu. Tanga ni moja kubwa, foromali ndefu, uzito wote uko juu, na ukiwa umebeba mzigo, karafuu zilizokauka, magunia yako juu, chombo kinaweza kulala na kisiamke. Baba alikuwa anasema hapo una muda wa kusema bismillahi mara tatu uwe umeshafanya kitu, wa kwanza legeza demani, wa pili geuza usukani, wa tatu watu wote wahamie upande wa juu. Kwa hiyo demani ile ile ya jana, ikiponyoka yenyewe ni ulevi, ukiilegeza mwenyewe kwa wakati ndo roho yako.

Mchangani_Boy

Kwa hiyo butwaa ni nyepesi kuliko nahau yenyewe?

MwalimuWaJioni

Kwa asili ndio, kwa matumizi ya leo hapana. Muengereza wa leo akisema "I was taken aback" hakuna aliyekaribia kuzama, kashtuka tu, pengine kwa bei ya chai. Nahau ikikaa sana nchi kavu hupungua uzito, na sisi tunatafuta kisawe cha uzito wa leo. Ila mtu akifiwa ghafla usitumie "taken aback", ni ndogo sana hapo, hata kwetu msiba hatusemi nimepigwa na butwaa tu tukanyamaza.

ShogaWaMichenzani

Mwalimu sasa "bumbuwazi" na "butwaa" tofauti yake nini? Mie nazitumia zote

Mzee_wa_Makunduchi

Bumbuwazi linakaa. Butwaa linapita. Mtu anashikwa na bumbuwazi anapigwa na butwaa, sikiliza vitendo vyenyewe, kushikwa na kupigwa. Kijana wa posa alipigwa. Babake kijana ndo alishikwa, maana yeye ndo anarudi na ile aibu mpaka mjini.

MwalimuWaJioni

Mzee wangu hii naiandika daftarini, sikuwahi kuigawa hivyo. Basi "taken aback" inabaki kwenye butwaa.

BintiKojani

Mwalimu nimemsomea baba uzi wote jana usiku baada ya isha. Kakaa kimya, halafu kanambia nikuulize, demani ya kamba na demani ya msimu, huu wakati kusi linapolegea kabla ya kaskazi kuingia, ipi ilianza? Yeye anasema ni moja, msimu umeitwa hivyo kwa sababu ndo wakati wa kulegeza. Ammi yangu anasema si kweli, ni maneno mawili yaliyogongana tu. Wamebishana mpaka wamenifukuza barazani.

MwalimuWaJioni

Waambie wasilale bado. Na waulize pia, wao wakilegeza demani walikuwa wanasema neno gani kwa yule aliyeishika, "legeza" au "achia"? Maana kesho Siku ya 25 ni "let it slide" na nataka neno lao kabla sijaandika langu.

BintiKojani

Baba anasema "mpe". Mpe upepo. Ammi anasema "legeza". Wameanza tena.